Silabi 19, Wahusika Watatu: Kuandika Mazungumzo Mafupi ya Katuni

Katika filamu fupi ya katuni, mhusika mara nyingi hupewa sekunde 2 au 3 za kusema kabla picha haijahamia kwa mwenzake. Mtu anayezungumza Kiswahili kwa kasi ya kawaida hutamka takriban silabi 5 hadi 7 kwa sekunde, kwa hiyo sentensi isiyo na makuu kama “Shikamoo bibi, viazi vyako ni bei gani leo?”, ambayo ina silabi 18, humaliza nafasi yote hiyo peke yake. Miswada mingi inayoletwa na vijana katika mafunzo yetu ya uandishi hapa Mbeya haikosi hadithi nzuri wala michoro ya kuvutia. Kasoro yake ni kwamba ukiyafunika majina yaliyo pembeni, huwezi kujua nani amesema nini, kwa kuwa wahusika wote wanatoa taarifa kwa sentensi za umbo moja.

Tuchukue onyesho dogo ambalo msomaji wa nyanda za juu kusini hatahitaji kuelezwa sana. Tuko katika soko la Mwanjelwa. Bibi Tumpe ameteremsha viazi mviringo kutoka safu za Uporoto, dalali anataka gunia lijazwe lumbesa, yaani lijazwe kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu, na gunia lenyewe, kwa kuwa hii ni katuni, lina macho na mdomo. Mwandishi anayeanza huandika hivi:

Dalali: Bibi, tunahitaji kuongeza viazi kwenye gunia.
Bibi Tumpe: Hapana, gunia limeshajaa.
Gunia: Ndiyo, mimi nimeshajaa, nitapasuka.

Hakuna kosa la lugha hapo, na mtazamaji ataelewa kila kitu. Hata hivyo kauli zote tatu ni taarifa kamili, zote zinataja jambo lilelile, na zina jumla ya silabi 44, ambazo kwa kasi ya silabi 6 ni zaidi ya sekunde 7. Wengi wakiambiwa kwamba sauti hazitofautiani, hukimbilia mapambo: dalali anapewa maneno ya vijana wa stendi, gunia linaambiwa liongee kwa sauti nzito, na Bibi Tumpe, kwa masikitiko yangu, anaandikiwa Kiswahili kilichovunjika kwa lafudhi ya kuchekesha.

Njia hiyo ya lafudhi naipinga kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba lafudhi haimtofautishi mtu na jirani yake. Ukimpa Bibi Tumpe matamshi ya Kinyakyusa, utakuwa umemfananisha na nusu ya wauzaji waliomzunguka, na kicheko kitakachotoka kitawaangukia wote, si yeye. Ya pili ni ya kiufundi: lafudhi ni mali ya mwigizaji wa sauti, haimo katika maneno uliyoandika, kwa hiyo katuni ikitazamwa kwenye simu ndani ya basi lenye kelele, au mtazamaji akisoma maandishi yaliyo chini ya picha, tofauti yote inapotea. Neno moja la nyumbani linaweza kufaa pale linapofanya kazi. Mfanyabiashara aliyefika kutoka Njombe akisema “Kamwene” mbele ya watu waliozoea “Mwagonile”, silabi 3 zimetueleza kwamba ni mgeni. Lakini salamu hiyo inatuambia anatoka wapi, haituambii ni mtu wa namna gani.

Tunachofundisha ni kuanza na swali jingine: mhusika huyu anapotaka kitu kutoka kwa mwenzake, anakiomba kwa umbo gani la sentensi? Kiswahili kina utajiri mkubwa katika jambo hili. Ombi moja tu la kuletewa maji laweza kuwa “Lete maji”, “Naomba uniletee maji”, “Maji yapo?”, “Tunywe maji kidogo” au “Nina kiu”, na kila umbo limebeba mtu tofauti kabla sauti yake haijasikika. Mpe kila mhusika umbo moja analoliegemea na jingine ambalo halitumii kamwe. Hilo la pili husahaulika sana, ilhali ndilo linalomlinda asiteleze akafanana na wenzake.

Dalali wetu kazi yake ni kuwafanya watu waone kwamba faida yake ni faida ya wote. Kwa hiyo tunampa kiambishi “tu-” na neno “kidogo”, na tunamkataza kusema “nataka”. Bibi Tumpe ameuza viazi miaka mingi na hakubali kusukumwa. Hajibu swali wala ombi isipokuwa kwa swali, na neno “hapana” tunamnyima. Gunia halina hoja, lina mwili tu, kwa hiyo linasema kitenzi kimoja kuhusu hali yake na kunyamaza. Onyesho linageuka hivi:

Dalali: Tuongeze kidogo, mama.
Bibi Tumpe: Kidogo cha nani?
Gunia: Napasuka.

Silabi ni 9, kisha 6, kisha 4, jumla 19, zaidi kidogo ya sekunde 3. Angalia pia kwamba dalali anamwita “mama” mwanamke ambaye kwa umri ni bibi yake. Namna mhusika anavyomwita mwenzake ni nafasi ya bure ambayo mwandishi hapaswi kuiacha ipotee. Mjukuu angemwita “bibi”, mkulima mwenzake angemwita “mama Tumaini” kwa jina la mwanawe, na dalali anayembembeleza anampunguzia miaka. Neno lenyewe lina silabi 2, na limekwisha kueleza uhusiano ambao vinginevyo ungehitaji sentensi nzima.

Kiswahili kinatupa na kifaa kingine, ambacho ni urefu wa kitenzi. Kwa kuwa mtenda, wakati, mtendwa na hata sababu vyaweza kukaa ndani ya neno moja, unaweza kuwa na mhusika anayesema “Umenishonea” kwa pumzi moja, na mwingine anayesema “Mimi. Leo. Siuzi.” kwa vipande. Idadi ya silabi katika kauli hizo mbili haitofautiani sana, lakini mdomo wa wa kwanza unakwenda mfululizo, wakati wa pili anafunga na kufungua, na mchoraji hupata mahali pa kumweka anapotulia. Katika onyesho letu sikulitumia hili kwa Bibi Tumpe, kwa kuwa maswali yake yanatosha, na mhusika mwenye tabia tatu za usemi huonekana hana hata moja.

Sasa faida kubwa ya kuweka tabia mapema hujitokeza baadaye. Lumbesa ni ufungashaji uliopigwa marufuku kwa mujibu wa sheria ya vipimo, na katika hadithi yetu ofisa wa Wakala wa Vipimo anaingia sokoni. Hatuhitaji dalali atoe hotuba ya woga. Tunaandika:

Dalali: Wameongeza hawa.
Bibi Tumpe: Nani, mwanangu?

Yule aliyesema “tu-” tangu mwanzo sasa anasema “wa-”. Amejitoa katika kundi kwa silabi moja, na mtazamaji aliyemsikia mara mbili tu kabla ya hapo atacheka, kwa sababu amekwisha kuzoea usemi wake. Kama dalali angekuwa ametambulishwa kwa lafudhi au kwa msemo wa mtaani, mabadiliko hayo yasingekuwa na pa kushika. Bibi Tumpe, kwa upande wake, bado anauliza, na swali lake limekuwa kali zaidi kwa kumwita “mwanangu” mtu anayemkana.

Jaribio la kawaida la kupima kazi hii ni kufunika majina na kumpa muswada mtu ambaye hajausoma, ausome kwa sauti moja bila kuigiza, kisha aseme kila kauli ni ya nani. Jaribio hilo ni jema lakini lina mtego. Msomaji atajua kwamba “Napasuka” ni ya gunia kwa sababu ya maana, si kwa sababu ya usemi. Ni nani mwingine angepasuka? Ndiyo maana tunaongeza jaribio la jambo lisilo la mtu yeyote. Waambie wahusika wako kwamba mvua imeanza kunyesha Mwanjelwa, kisha andika kauli moja kwa kila mmoja. Dalali atasema “Tusogee kidogo.” Bibi Tumpe atasema “Kwani hukuiona?” Gunia litasema “Nalowa.” Kama wote watatu katika muswada wako wanasema “Mvua inanyesha”, tabia ulizowapa bado zimo kichwani mwako na hazijafika kwenye karatasi.

Kuna kosa linalofanana sana na njia hii na ambalo linaipotosha, nalo ni kumpa mhusika neno badala ya umbo. Mwandishi anaamua kwamba mtoto fulani atasema “eti” katika kila kauli, na mwanzoni inapendeza, lakini ikifika mara ya nne mtazamaji anaanza kulisubiri neno na kuacha kusikiliza lililobaki. Umbo halichoshi upesi, kwa sababu maneno yanabadilika kila mara. Maswali kumi ya Bibi Tumpe yanaweza kuwa maswali kumi yasiyofanana hata kidogo. Mipaka nayo ipo. Wahusika wakizidi watano au sita katika onyesho moja, maumbo yaliyo wazi huanza kuisha, na hapo ni afadhali kuwanyamazisha wawili na kuwaachia ishara za mwili kuliko kuwabunia tabia za usemi ambazo hakuna atakayezitambua.

Haya yote hufanywa kabla ya kurekodi, kwa sababu katika katuni sauti kwa kawaida hurekodiwa kwanza na midomo huchorwa kuifuata. Filamu inayokwenda fremu 24 kwa sekunde, huku kila mchoro ukikaa fremu 2, huhitaji michoro 12 kwa sekunde, na zile sekunde 4 tulizookoa kati ya onyesho la kwanza na la pili ni michoro 48. Siku ya kurekodi, mwandishi akae chumbani na muswada mkononi na asikilize jambo moja hasa: waigizaji wazuri, kwa kutaka kusikika kiasili, huongeza “yaani”, “sasa” na “basi” mwanzoni mwa kauli, na wote huongeza yaleyale. Dalali akisema “Sasa tuongeze kidogo, mama” na Bibi Tumpe akajibu “Sasa kidogo cha nani?”, kauli zote mbili zirudiwe papo hapo bila nyongeza hiyo, kabla mwigizaji hajaondoka na kabla mchoraji hajaanza kuhesabu fremu.