Madumu yakibaki mangapi ndipo uagize?

Tuchukue duka la jumla la Songea linalouza mafuta ya kupikia ya madumu ya lita 20, mzigo ukija kwa lori kutoka Dar es Salaam. Namba ni za mfano, ila makosa ni yale yanayokutwa kwenye madaftari mengi.

Dhana: "Nimeuza madumu 480 kwa siku 60, basi nauza manane kwa siku."

Pitia siku hizo moja moja. Kati yake 12 zina sifuri. Je, wateja hawakuja, au mafuta yalikuwa yamekata? Hapa yalikuwa yamekata, na wateja walinunua duka la jirani. Siku ya stoo tupu haisemi lolote kuhusu mahitaji, kwa hiyo itoe: 480 gawanya kwa 48 ni madumu 10 kwa siku. Siku ambayo mafuta yalikuwepo na hakuna aliyenunua ibaki, maana sifuri yake ni halali. Tatizo ni kwamba daftari la mauzo peke yake halitofautishi sifuri hizi mbili, hivyo lazima uwe unaandika na salio la stoo kila jioni.

Kosa hili hujizalisha. Wastani ukiwa mdogo unaagiza kwa kuchelewa, ukichelewa mafuta yanakata, yakikata wastani unashuka tena. Mwisho mwenye duka anaamini kabisa kwamba mafuta "hayatoki sana".

Dhana: "Msambazaji amesema siku nne."

Siku nne ni za lori barabarani. Muda unaokuhusu wewe unaanza siku unayotoa oda na kuishia madumu yanapohesabiwa na kuingia stoo. Kuthibitisha malipo na kusubiri lori lijae vimo humo. Chukua tarehe za oda nane za mwisho. Tuseme zilifika baada ya siku 4, 5, 5, 6, 6, 6, 7 na 9. Wastani ni siku 6.

Aliyeamini manane kwa siku na siku nne angeagiza yakibaki madumu 32. Kumbe katika kusubiri mzigo anauza 60.

Dhana: "Sawa, nitaagiza yakibaki 60."

Hapo utakatikiwa karibu nusu ya mara zote, kwa sababu wastani una siku za juu yake na za chini yake. Ndiyo maana kuna akiba ya tahadhari. Wengi huiweka kwa mazoea, asilimia 20 au mzigo wa wiki moja kwa kila bidhaa, kana kwamba zote zinayumba sawa. Kinachotakiwa kupimwa ni kuyumba kwenyewe, tena kwa pande mbili: mauzo ya siku hadi siku, na siku za mzigo kufika. Kwenye Excel, `STDEV.S` inakupa vyote viwili. Tuseme mauzo yanayumba kwa madumu 4. Siku za kufika, kwa oda zile nane, zinayumba kwa takribani 1.5. Ukilenga usikatikiwe katika asilimia 95 ya oda, unazidisha kwa 1.65:

```
=ROUNDUP(1.65*SQRT(6*4^2 + 10^2*1.5^2),0)
```

Jibu ni 30. Ongeza kwenye 60: agiza yakibaki madumu 90.

Tazama ndani ya mabano. Upande wa mauzo unatoa 96, upande wa msambazaji 225. Lori lingefika siku ya sita bila kukosa, akiba ingeshuka hadi 17. Kwa hiyo msambazaji wa bei nafuu anayefika leo siku ya nne, kesho siku ya tisa, anakulaza hela stoo; ipige hesabu hiyo kabla ya kufurahia punguzo lake.

Dhana: "Asilimia 95 maana yake wateja 95 kati ya 100 wanapata."

Ile 1.65 inamaanisha kwamba katika oda 20, takribani 19 zitafika kabla stoo haijakauka. Haihesabu wateja. Ukitaka asilimia 99 weka 2.33, na akiba inapanda hadi 42. Kwa mafuta, ambayo mteja akikosa anaondoka na sukari na unga wake pia, mimi ningelipa hayo madumu 12 ya ziada.

Dhana: "Stoo ina 70, niko chini ya 90, niagize."

Angalia kwanza kilicho njiani. Kama 100 yameshaagizwa, una 170. Toa yaliyokwisha kulipiwa na wateja ambao hawajachukua, kisha ndipo ulinganishe na 90. Kusahau hili ndiko kunakoleta malori mawili mlangoni wiki moja.

Hesabu hii usiipeleke kwa bidhaa inayotoka moja kwa wiki mbili, kama sufuria kubwa la shughuli. Kwa hiyo weka moja au mawili, na agiza likiuzwa. Na kabla ya Ramadhani, wastani wa siku 60 zilizopita hautoshi hata kwa mafuta: tumia mauzo ya kipindi hicho mwaka jana, huku ukikumbuka kwamba tarehe zake hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka.