Raba ya kukimbilia na kipimo cha kidole gumba

Wanaouza raba za kukimbilia wana kipimo kisichohitaji rula. Unavaa raba zote mbili, unasukuma kisigino kikae nyuma kabisa, unafunga kamba na kusimama wima. Kisha mtu mwingine anabonyeza ncha ya raba kwa kidole gumba. Kati ya kidole chako kirefu na mwisho wa raba inatakiwa kubaki nafasi kama upana wa ukucha wa gumba, yaani sentimita 1 hadi 1.5 hivi.

Kidole kirefu si lazima kiwe kile kikubwa. Kwa watu wengi tu cha pili ndicho kinachotangulia, na wakipimiwa kwenye kile kikubwa wanaondoka na raba fupi. Tena miguu yenyewe mara nyingi hailingani, kwa hiyo unapima ule mrefu. Na usijibonyeze mwenyewe, maana ukiinama uzito unahama na mguu unajisogeza ndani ya kiatu.

Nafasi hiyo inahitajika kwa sababu mguu unaokimbia haubaki na urefu ule wa dukani. Kila unapotua, upinde wa unyayo unashuka kidogo na mguu unarefuka. Kwenye mteremko mguu wote unateleza mbele. Ukiendelea kwa saa moja na jua likiwaka, unavimba. Raba isiyoacha nafasi inafanya ukucha ugonge ukuta wa mbele hatua baada ya hatua, damu inavilia chini yake, unakuwa mweusi na mara nyingine unang'oka. Ndiyo maana inafaa kununua raba jioni, baada ya miguu kutembea kutwa, tena ukiwa na soksi zile utakazokimbia nazo.

Sasa swali la namba. Anayevaa 42 kazini anashangaa kuambiwa achukue 43, akidhani muuzaji anataka kumaliza mzigo. Chanzo ni kwamba namba ya Ulaya haipimi mguu. Inapima foroma, lile umbo ambalo kiatu hujengwa juu yake, na kila namba inaongeza theluthi mbili za sentimita. Foroma ya 42 kwa hesabu hiyo ina sentimita 28, ila kila kiwanda kinaamua chenyewe kiasi gani kiwe cha mguu na kiasi gani kiwe ziada. Kwa kiatu cha ofisini chenye ncha, sehemu kubwa ya mbele ni pambo tu, vidole havifiki huko. Kinaushika mguu juu ya unyayo na kwenye upana wa vidole, na ngozi yake inalegea pembeni kadiri kinavyovaliwa, hivyo watu hukinunua kikiwa kimebana kidogo. Raba ina sponji nene kisiginoni na kwenye ulimi inayokula nafasi ya ndani, na kitambaa chake hakitanuki sana. Ikibana dukani, itabana hata baada ya miezi.

Tuseme mguu wako una sentimita 26.6 ukisimama juu ya karatasi, na viatu vyako vya ngozi ni 42. Tazama lebo ndani ya ulimi wa raba. Kampuni nyingi huandika pia sentimita, na kwa kawaida huo ni urefu wa mguu uliokusudiwa. Kwenye 42 utakuta mara nyingi 26.5, yaani tayari mguu wako umeizidi. Kwenye 42.5 utakuta 27, na kwenye 43 utakuta 27.5. Hizo mbili ndizo za kujaribu, na gumba ndilo litakaloamua. Usishangae pia ukikuta 42⅔: nusu namba ya Kiingereza ni milimita 4.2 hivi, theluthi mbili za namba ya Ulaya ni milimita 4.4, kwa hiyo baadhi ya viwanda huziweka pamoja.

Kipimo hiki kina mpaka wake: hakisemi lolote kuhusu upana. Mwenye mguu mpana akibanwa pembeni hukimbilia namba kubwa zaidi, pembeni panapata nafuu, lakini raba inakunja mahali ambapo vidole havikunjiki na kisigino kinapwaya. Huyo anahitaji modeli pana, si ndefu.

Kwenye mitumba lebo huwa imefutika, au muuzaji anataja namba anayoona itakufaa. Toa soli ya ndani, uilaze chini, usimame juu yake, kisigino kikikaa sawa na ukingo wa nyuma. Mbele ya kidole kirefu patokeze upana ule ule wa ukucha, na nyama ya mguu isimwagike pembeni. Kabla ya hapo hakikisha soli hiyo ni ya raba hiyo: irudishe, na ikijikunja au ikiacha pengo mbele, ilitoka kwenye kiatu kingine.