Kona yenye sumu: kwa nini anayeanza hushinda hata asipojua aanzie wapi

Chukua karatasi uandike vigawo vyote vya 72. Viko 12. Sasa vipange kuanzia kona ya chini kushoto, kila hatua ya kwenda kulia ukizidisha kwa 2 na kila hatua ya kupanda ukizidisha kwa 3. Utapata jedwali hili:

```
9   18   36   72
3    6   12   24
1    2    4    8
```

Tafuta mtu mcheze. Kila mmoja kwa zamu yake anataja namba moja ambayo bado ipo kwenye jedwali, na namba hiyo inafutwa pamoja na vigawe vyake vyote. Akitaja 4, zinaondoka 4, 8, 12, 24, 36 na 72. Kwa macho, ni kama mtu ameng'ata jedwali: namba iliyotajwa, kila kilichoko kulia kwake, na kila kilichoko juu ya hivyo, vimeliwa. Namba 1 ndiyo sumu. Atakayebaki hana cha kutaja ila 1 ameshindwa, na hakuna sare.

Mholanzi Fred Schuh aliueleza mchezo huu wa vigawo mwaka 1952. Mwaka 1974 David Gale, mwanahisabati wa Berkeley huko California, aliuchapisha katika umbo la mstatili wa vipande, na wengi wamezoea kuusimulia kama bamba la chokoleti ambalo kipande chake cha kona kina sumu. Martin Gardner, mwandishi wa safu za hisabati, ndiye aliyeupa jina la Chomp, neno la Kiingereza linaloiga sauti ya mtu anayeng'ata kwa pupa. Chokoleti ya vipande vinne kwa vitatu na vigawo vya 72 ni mchezo uleule. Mimi napenda namba, kwa sababu hazihitaji chochote zaidi ya kalamu, na kila aliyesoma Kigawo Kikubwa cha Shirika shuleni anazo kanuni zote tayari.

Swali ni hili: kati ya anayeanza na anayefuata, nani ana uhakika wa kushinda iwapo wote wawili hawakosei kamwe?

Kwanza tukubaliane kwamba lazima mmoja wao awe na uhakika huo. Kila zamu inapunguza namba, kwa hiyo mchezo hauwezi kuzunguka bila mwisho, na sare haipo. Anza na jedwali lililobaki na 1 peke yake: mwenye zamu amekufa. Jedwali lolote ambalo kwa hatua moja linaweza kugeuzwa kuwa jedwali la kifo ni zuri kwa mwenye zamu. Na jedwali ambalo kila hatua yake inampa mpinzani jedwali zuri ni la kifo pia. Ukirudi nyuma namna hiyo, hakuna jedwali linalokosa lebo: ama ni la ushindi kwa mwenye zamu, ama ni la kifo. Kwa mstatili wa 3 kwa 4 hali zote zinazowezekana ni 34 tu, nawe unaweza kuzikagua zote jioni moja.

Lakini huna haja ya kuzikagua ili kujua kwamba jedwali la mwanzo ni la ushindi. Hapo ndipo inapoingia hoja ya wizi wa mbinu.

Hebu tujifanye kwamba anayefuata ndiye mwenye uhakika. Kama ni hivyo, ana jibu la ushindi kwa kila ufunguzi, ukiwemo ufunguzi mdogo kuliko yote: kutaja 72, namba iliyo kwenye kona ya juu kulia, ambayo inaondoka peke yake. Tuseme jibu lake la ushindi kwa ufunguzi huo ni namba fulani. Sasa tazama jambo hili kwa makini. Namba yoyote atakayotaja ni kigawo cha 72, kwa hiyo kuitaja kungeifuta 72 pia, kama isingekuwa imeshafutwa. Maana yake ni kwamba jedwali linalobaki baada ya "72, kisha jibu" ni lilelile ambalo lingebaki kama jibu hilo lingetajwa mwanzoni kabisa. Basi anayeanza angeweza kulitaja yeye kwenye zamu yake ya kwanza na kumkabidhi mpinzani jedwali la kifo. Ile mbinu tuliyosema ni ya anayefuata imeibwa, na dhana yetu imejivunja yenyewe. Mwenye uhakika ni anayeanza.

Hoja imekwisha hapo, na haikutaja hata mara moja hatua ya kushinda ni ipi. Watu wengi hukwama hapa. Nikiifundisha, karibu kila darasa lina mtu anayeondoka akiamini kwamba siri ni kuanza na 72. Sivyo. 72 ilikuwa chambo tu cha kumfanya mpinzani wa kubuni afichue mbinu yake. Ukianza kweli na 72, umeshindwa mbele ya mtu anayejua, kwa sababu atataja 12, nazo 12, 24 na 36 zitaondoka. Na 12 ndiyo hasa uliyopaswa kuanza nayo wewe. Mbinu ilikuwa mkononi mwako, ukampa akuibie.

Tuione hiyo 12 ikifanya kazi. Ukianza nayo, zinaondoka 12, 24, 36 na 72, na mpinzani anakabidhiwa jedwali hili:

```
9   18
3    6
1    2    4    8
```

Ana namba saba za kutaja mbali na sumu. Akitaja 2, inabaki nguzo ya 1, 3 na 9, nawe unataja 3. Amebaki na 1. Akitaja 3, unabaki mstari wa 1, 2, 4 na 8, nawe unataja 2, yameisha vilevile. Akitaja 8, wewe taja 6, ambayo inaondoka na 18, na inabaki kona ya 1, 2, 4, 3 na 9: mikono miwili yenye urefu sawa ikikutana kwenye sumu. Kutoka hapo unamwiga tu. Akikata mkono mmoja kiasi fulani, nawe kata mwingine kiasi hichohicho, mpaka mikono iishe wakati wa zamu yake. Akitaja 6, wewe taja 8, na mnafika kwenye kona hiyohiyo.

Zimebaki tatu. Akitaja 9, zinaondoka 9 na 18, na kuna mistari miwili: 3 na 6 juu, 1, 2, 4 na 8 chini. Hapo taja 8 ili mstari wa chini uuzidi wa juu kwa namba moja tu. Umbo hilo la "chini moja zaidi" ni la kifo kwa mwenye zamu daima, kwa kuwa lolote atakalofanya ama unalirudisha katika umbo hilo, ama unamwachia sumu. Akitaja 4, taja 18. Akitaja 18, taja 4. Njia zote mbili zinaacha 1, 2, 3, 6 na 9, nalo ni jedwali la kifo. Jaribu namba zake nne uone kila moja inavyokufikisha kwenye ushindi.

Je, ipo kanuni ya jumla ya kupata hiyo 12 kwa jedwali lolote? Kwa maumbo mawili ipo, na umeshaiona ndani ya mfano. Jedwali likiwa mraba, kama vigawo vya 36, taja namba iliyo mshazari na sumu, yaani 6, ibaki mikono miwili iliyo sawa. Likiwa na mistari miwili tu, kama vigawo vya 24, taja ile ya kona, yaani 24 yenyewe. Baada ya hapo njia inafungwa. Kwa mistari mitatu tayari hakuna kanuni fupi inayojulikana, na kwa majedwali makubwa njia ya uhakika ni kukagua hali moja baada ya nyingine kwa kompyuta. Iliwahi kudhaniwa kwamba ufunguzi wa ushindi huwa mmoja tu. Ken Thompson, yuleyule wa mfumo wa kompyuta wa Unix, aligundua kwamba mstatili wa 8 kwa 10 una funguzi mbili za ushindi. Kwa lugha yetu ya vigawo, hiyo ni namba 1,119,744, yaani 2 ikizidishwa yenyewe mara tisa na 3 mara saba. Hali za kukagua hapo ni zaidi ya 43,000.

Hoja ya wizi haijali umbo la mstatili. Kinachohitajika ni kitu kimoja cha kileleni ambacho kila mng'ato hukiondoa, na mchezo uwe na mwisho. Kwa hiyo inashika kwa vigawo vya namba yoyote kubwa kuliko 1, hata ile isiyopangika kwenye karatasi bapa. Chukua 30, ambayo ni 2 mara 3 mara 5: vigawo vyake vinane ni pembe za mchemraba. Hapa, tofauti na 72, kuanza na kilele chenyewe ni sahihi. Taja 30, kisha mpinzani akitaja namba yoyote, igawe 30 kwa namba hiyo utaje jawabu. Akitaja 6, taja 5. Akitaja 2, taja 15. Kila mara zinabaki tatu, yaani 1 na namba mbili tasa, na zamu ni yake.

Kilele kikikosekana, hoja inaanguka. Wala si kwa bahati mbaya tu: wakati mwingine ushindi wenyewe unahamia upande wa pili. Tengeneza mistari miwili isiyo na mwisho upande wa kulia, chini 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, juu 3, 6, 12, 24, 48 na kuendelea. Hakuna kona ya juu kulia, kwa hiyo hakuna chambo. Mwache mwenzako aanze. Akitaja 16, zinabaki 1, 2, 4, 8 chini na 3, 6, 12, 24 juu, nawe unataja 24. Akitaja 48, juu zinabaki nne, chini bado hakuna mwisho, nawe unataja 32 ili chini zibaki tano. Popote atakapong'ata, unamrudishia jedwali lenye mwisho ambalo mstari wake wa chini unauzidi wa juu kwa namba moja.