Kioo cha simu kisiporudi baada ya kupiga: kagua sensa kabla ya kununua kioo kipya

Malalamiko yanayotufikia karakana ni ya aina mbili. Wengine kioo kinazima wakipiga simu, wakiitoa sikioni hakiwaki, na hata pa kukatia hawapaoni. Wengine kioo hakizimi kabisa: shavu linabonyeza, maiki inazimika katikati ya mazungumzo au simu inakatika. Yote mawili yanatokana na kihisi cha ukaribu, ile ambayo mafundi wanaiita sensa tu. Ila sababu zake zinapingana. Huyu wa kwanza sensa yake inaona shavu lisilokuwepo, na huyu wa pili sensa yake haioni shavu lililopo.

Kwenye simu nyingi sensa hiyo iko karibu na spika ya sikioni. Ndani yake kuna taa ndogo ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni, na kando yake kipokezi. Shavu likifika umbali wa sentimita chache, mwanga unaligonga na kurudi, simu inazima kioo. Kwa hiyo chochote kinachorudisha mwanga huo kabla haujatoka nje kitaidanganya simu: jasho na poda vilivyoganda, protekta isiyokaa sawasawa, au gundi iliyotambaa juu ya sensa.

Tuchukue Samsung iliyobandikwa protekta mpya, na tangu hapo kioo hakirudi baada ya kupiga. Fungua sehemu ya kupigia uandike:

```
*#0*#
```

Ukurasa wa majaribio utafunguka (baadhi ya matoleo ya mitandao wameufunga). Gusa Sensor. Ukiziba sensa kwa kidole, simu inatetema na ukurasa unageuka kijani. Ukiondoa kidole, rangi inapotea. Kama hujui sensa iko wapi, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa juu mpaka itetemeke. Kwa simu yetu hii ukurasa ni kijani hata pasipo kidole. Sasa angalia namba ya ADC kwenye Proximity Sensor, ambayo ni kipimo cha mwanga unaorudi. Usiilinganishe na ya simu ya jirani, kila modeli ina yake. Kinachotakiwa ni ibaki chini pasipo kitu mbele na ipande wazi mkono ukisogea. Hapa iko juu muda wote. Futa sehemu hiyo kwa kitambaa laini kikavu, angalia tena. Haikushuka, bandua protekta. Namba ikianguka na kijani kikapotea, umeshapata jibu bila kufungua simu. Tafuta protekta iliyokatwa nafasi ya sensa, na isiyo na ukingo mweusi unaoifunika.

Ikibaki juu hata bila protekta, na simu ilishawahi kubadilishwa kioo, shaka yangu inakwenda kwa kipande kidogo cha mpira mweusi kinachotenganisha taa na kipokezi. Mafundi wenye haraka hukiacha ndani ya kioo cha zamani. Bila hicho mwanga unapita pembeni na kuingia kwenye kipokezi moja kwa moja. Kukirudisha ni kazi ya dakika chache kwa anayejua kufungua simu, kwa hiyo usikubali kuuziwa kioo kingine.

Kwa tatizo la shavu, anza na yaliyo rahisi. Ukiwa kwenye spika ya nje au umeunganisha bluetuthi, simu haizimi kioo, na hilo si kosa. Kama siyo hivyo, rudi kwenye ukurasa ule: namba isiyosogea kabisa unapoziba ina maana taa haiwaki au waya wa sensa haukurudishwa mahali pake. Ukitaka kuhakikisha, piga simu kwenye chumba chenye giza na uitazame sensa kwa kamera ya mbele ya simu nyingine. Taa nzima huonekana kama nukta ya zambarau hafifu. Kwanza ijaribu kamera hiyo kwa rimoti ya televisheni, kwa sababu baadhi ya kamera huuchuja mwanga huu na zitakudanganya.

Wakati unasubiri matengenezo, fungua mipangilio ya programu ya simu kwenye Samsung, ingia Answering and ending calls, uwashe Press Side button to end calls. Angalau utaweza kukata kioo kikiwa giza.

Baadhi ya simu za bei ya kati hazina taa hiyo kabisa. Zinatumia sauti isiyosikika inayotoka kwenye spika ya sikioni na kurudi kwenye maiki. Kwa hizo kubandua protekta kwa sababu ya infraredi hakusaidii. Safisha wavu wa spika kwa brashi laini kavu, uhakikishe kava halizibi maiki, kisha weka masasisho ya mfumo.