Alama 60 ya mchujo imetoka wapi?

Tuchukue hoteli ya ukanda wa Nungwi inayotafuta mtunza stoo. Maombi yamekuja mengi, na nafasi za usaili ni nane tu. Meneja anagawa alama 100: elimu 40, uzoefu 30, mtihani mfupi wa hesabu za stoo 30. Kisha anaandika: chini ya 60 asiitwe. Ukimuuliza kwa nini 60 na si 55, mara nyingi jibu ni kwamba 60 inaonekana alama nzuri. Ni mazoea ya skuli, hayahusiani na stoo.

Sasa tazama waombaji wawili. Wa kwanza kaishia kidato cha nne, kapata 10 za elimu, 20 za uzoefu na 28 za mtihani. Jumla 58, ametoka. Wa pili ana shahada: 40 za elimu, 10 za uzoefu, 11 za mtihani. Jumla 61, anaitwa. Huyu wa pili kakosa maswali 19 kati ya 30 ya kazi yenyewe, maswali kama hili: zimeingia katoni 14 za maji, kila moja chupa 12, zimetoka chupa 95, stoo zimebaki ngapi? Jibu ni 73. Cheti kimemfunika. Ubaya wa jumla ndio huo: alama za sehemu moja zinaziba pengo la sehemu nyingine, na wala hakuna aliyeamua kwamba shahada iweze kufidia kutojua hesabu. Huyo wa kwanza hatalalamika, maana hajui alikosa alama mbili, na meneja hatamkumbuka kwa sababu faili lake hakulifungua.

Kwa hiyo mimi siweki kikomo kwenye jumla. Nakiweka kwenye kile ambacho mtu akikikosa kazi haiendi, na hapa ni mtihani. Kukipata, kaeni watu watatu au wanne wanaoijua stoo, kabla alama za waombaji hazijaonekana. Kila mmoja apitie maswali yote 30 peke yake na ajiulize: katika watu 10 wanaoiweza kazi hii kwa shida, wangapi watalipata swali hili? Akisema 7, andika 0.7, akisema 4, andika 0.4. Jumlisha kwa kila mtu, kisha tafuta wastani wa hao wote. Tuseme umetoka 17. Njia hii inajulikana kwa jina la Angoff, na ila yake ni kwamba wajuzi husahau ugumu wa swali na kupandisha juu mno. Dawa yake ni kuwapa mtihani huohuo watunza stoo mlionao. Kama wale mnaowaamini wanapata 15, basi 17 yenu haina maana, rudini mezani.

Hata 17 nzuri haina makali ya kisu. Mtu huyohuyo angepewa maswali mengine ya aina ileile angepata 15 au 19. Ukubwa wa yumbo hilo hukadiriwa hivi:

```
SEM = SD × √(1 − r)
```

SD ni mtawanyiko wa alama, r ni uthabiti wa mtihani, kati ya 0 na 1. SD ikiwa 5 na r ikiwa 0.84, unapata 5 × 0.4, yaani 2. Kwa hiyo wenye 15 na 16 hawatupwi. Mafaili yao yanasomwa kwa macho, uzoefu ukiangaliwa kwanza. Waombaji wakiwa wachache r haiaminiki sana, na hapo ni salama zaidi kuupanua ukanda huo kuliko kuubana. Waliopita wakizidi nafasi nane, wapangeni kwa uzoefu, lakini msipandishe kikomo kimyakimya.

Halafu kuna Excel, ambayo huondoa watu bila mtu kuamua. Fomula ya kawaida ni `=IF(D2>=17,"Aitwe","Asiitwe")`. Seli ikiwa tupu, pengine karatasi ya mtihani ya Pemba haijafika Unguja, Excel huihesabu 0 na mtu anatoka. Alama ikiingia kama maandishi, kwa mfano "9" iliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe, Excel huyaona maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote, na mwenye 9 anapita. Tumia hii:

```
=IF(ISNUMBER(D2),IF(D2>=17,"Aitwe",IF(D2>=15,"Soma faili","Asiitwe")),"Angalia")
```

Kabla barua za usaili hazijatoka, chota kwa bahati nasibu mafaili matano ya "Asiitwe", futa alama zake, umpe mtunza stoo mkuu asome. Akisema wawili kati yao angependa kuwaona, usitume barua. Angalia kwanza ni swali gani la mtihani waliloanguka wote wawili.