Zaka, fungu la kumi na michango: ninavyovitenganisha katika bajeti

Watu wengi wanaonijia kupanga mali zao huandika mstari mmoja wa "sadaka" katika bajeti, na ndani ya mstari huo huchanganya zaka, fungu la kumi, kadi za harusi, rambirambi na fedha za wazazi. Mwisho wa mwaka mtu ametoa fedha nyingi, lakini bado ana wasiwasi kwamba hajatekeleza wajibu wake, na wakati huohuo mtaji umepungua. Kazi yangu ya kwanza huwa ni kuvitenganisha, kwa sababu kila kimoja kina kipimo chake. Zaka hupimwa kwa mali uliyonayo, fungu la kumi hupimwa kwa pato lililoingia, na michango haina kipimo mpaka mwenyewe auweke.

Nieleze kwa mfano wa mteja wangu mmoja wa Tanga, mwenye duka la vitenge, ambaye ameniruhusu kutumia hesabu zake bila jina lake. Hujilipa shilingi 1,400,000 kwa mwezi kutoka dukani. Kila Ramadhani alikuwa akitoa zaka kwa kukisia, fedha aliziondoa kwenye mtaji, na baada ya Idi hujikuta akinunua mzigo kwa mkopo. Tulichapisha taarifa yake ya miamala ya simu ya miezi 12, tukapitia kila aliyetumiwa fedha kwa kalamu ya rangi. Jumla ya kutoa ilikuwa 3,900,000, nje ya zaka. Katika hizo, 1,440,000 zilikwenda kwa wazazi, 960,000 kwa dada yake mjane anayelea watoto bila kipato cha uhakika, na 1,500,000 zilikuwa harusi, misiba na ahadi za makundi ya simu.

Kisha tukafanya hesabu ya zaka yenyewe. Vitenge vilivyokuwa dukani tulivithamini kwa bei ya soko ya siku ile, si bei aliyonunulia, vikafika 34,000,000. Fedha taslimu, za benki na za simu zilikuwa 6,200,000, na madeni ya wateja anaotarajia kwa hakika watalipa yalikuwa 3,000,000. Rafu, cherehani na pikipiki ya kusambazia mzigo hatukuvihesabu, kwa kuwa ni vyombo vya kazi na si bidhaa. Jumla ni 43,200,000. Kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, yaani nisabu, ni thamani ya gramu 85 za dhahabu. Tukichukua kwa mfano bei ya 300,000 kwa gramu, nisabu ni 25,500,000, kwa hiyo yeye amevuka.

Hapo likaja swali la deni la 7,200,000 analodaiwa na msambazaji wake. Ukilitoa, mali inabaki 36,000,000, na asilimia 2.5 yake ni 900,000. Usipolitoa, zaka ni 1,080,000. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa zaidi katika pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba deni halizuii zaka, ilhali wanazuoni wa madhehebu mengine huruhusu kulitoa. Mimi si mufti, na swali hilo nilimwachia shekhe wake. Kwa upande wa bajeti, hata hivyo, kanuni yangu ni kutenga kwa kiasi kikubwa zaidi mpaka jibu lipatikane, kwa sababu fedha ikizidi hurudi dukani kwa urahisi, lakini ikipungua hutafutwa kwa kuuza mzigo kwa hasara. Basi duka likawa linatenga 90,000 kila mwezi kabla yeye hajajilipa.

Jambo lililompa nafuu kubwa zaidi lilikuwa la dada yake. Wazazi hawapewi zaka na mtoto ambaye ni wajibu wake kuwatunza, kwa hiyo zile 120,000 za kila mwezi tulizihamishia katika matumizi ya familia, pamoja na chakula na ada, ambako ndiko mahali pake. Ndugu mhitaji, ambaye matunzo yake si wajibu wako, anaweza kupewa zaka. Wanazuoni wengi pia huruhusu kuitanguliza zaka kabla ya mwaka kutimia kwa aliyekwisha kufikia nisabu. Kwa hiyo zile 80,000 anazompelekea dada kila mwezi sasa hutoka katika mfuko wa zaka, na 10,000 zinazobaki hukusanywa kwa wahitaji wengine. Kuna masharti mawili: nia iwepo wakati wa kutoa, maana alizotuma mwaka uliopita bila nia ya zaka haziwezi kugeuzwa leo, na dada aendelee kuwa mwenye kustahiki. Siku ya zaka inapofika, hesabu hupigwa upya na upungufu hulipwa.

Tahadhari moja ya kalenda: mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, wenye siku 354 hivi, kwa hiyo tarehe hutangulia kama siku 11 kila mwaka wa kawaida. Mwenye kufunga vitabu vyake kila Desemba na kutoa zaka kwa hesabu hiyo hutumia asilimia 2.577 badala ya 2.5 ili kufidia siku hizo.

Kwa wateja wangu Wakristo wanaotoa fungu la kumi, mwenye mshahara hana ugumu mkubwa zaidi ya kuamua kama anahesabu kabla ya makato au baada yake, na uamuzi huo ni wake na kanisa lake. Anayeumia ni mfanyabiashara anayetoa asilimia 10 ya mauzo. Akiuza kwa 5,000,000 na faida yake ni asilimia 20, faida ni 1,000,000; kumi ya mauzo ni 500,000, yaani nusu ya faida yote kabla hajalipa kodi ya fremu. Pato lake ni faida, na hiyo ndiyo inayostahili kuhesabiwa. Katika 2 Wakorintho 8, Paulo anaandika kwamba kutoa hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho, na Qur'ani katika Al-Israa aya ya 29 inakataza mkono uliofungwa shingoni na pia mkono uliokunjuliwa wote. Huwakumbusha wateja mafungu haya kwa sababu wengi huamini kwamba kuweka kikomo ni ubahili.

Sasa michango. Kwa mama wa Tanga tuliweka 100,000 kwa mwezi, ambapo 30,000 haziguswi ila kwa msiba, kwa kuwa msiba hauna taarifa. Kisichotumika huvuka mwezi, ili Desemba na msimu wa harusi baada ya Idi vikute akiba. Kiasi kilipangwa mapema kwa ukaribu: ndugu wa damu 150,000, jirani wa karibu 30,000, mtu wa kundi la simu 10,000. Ahadi huandikwa siku ileile anapoitoa, kama deni, kwa sababu ahadi tatu zisizoandikwa ndizo zilizokuwa zikimaliza fedha zake za mwezi. Anapoombwa ghafla hujibu, "Naomba nikujibu kesho, dada," na fungu likiwa limekwisha husema wazi kwamba mwezi huu atakuja kushika kazi ya jikoni. Kamati hupokea jibu hilo vizuri kuliko ahadi isiyolipwa.

Kila baada ya miezi mitatu naangalia mambo mawili tu katika hesabu zake: kama amekopa ili atoe, na kama thamani ya mzigo dukani imeshuka bila mauzo kupanda. Likitokea mojawapo, tunapunguza kwanza fungu la harusi, halafu la makundi ya simu, na hatugusi zaka wala fedha za wazazi.