Siyo kila ajabu ni kinaya

Neno kinaya limekuwa kama chumvi, linanyunyizwa popote. Mtangazaji anatuambia kuwa "kwa kinaya" makocha wote wawili wamezaliwa mwezi mmoja. Mtu amenyeshewa siku aliyosahau mwavuli, naye anaandika "kinaya cha maisha". Mwingine kamtukana mwenzake waziwazi, akiulizwa anajitetea kwamba ilikuwa kinaya tu. La kwanza ni sadfa, la pili ni nuksi, na la tatu ni matusi.

Maana yenyewe haina mzunguko. Kinaya ni pale kinachosemwa au kinachotarajiwa kinapopishana na ukweli, na kupishana kwenyewe kuwe kinyume, yaani kimoja kikigeuze kingine. Kikiwa katika usemi, msemaji ananena hili akikusudia kinyume chake. Kikiwa katika tukio, jambo linazaa kinyume cha lilivyokusudiwa: kituo cha zimamoto kinateketea kwa moto, au mtu anaingia katika shimo alilomchimbia mwenziwe. Na katika hadithi au tamthilia, hadhira inajua jambo ambalo mhusika halijui, hivyo maneno yake yanabeba maana asiyoiona mwenyewe.

Kejeli huchanganywa na kinaya kwa sababu mara nyingi huazima vazi lake. Abiria waliokaa stendi saa mbili wanapanda basi, mmoja anamwambia kondakta, "Leo kweli mmetuwahisha." Hapo viwili viko pamoja. Maneno yamegeuzwa, kwa hiyo kuna kinaya. Na yamerushwa kwa mtu ili yamchome, kwa hiyo kuna kejeli. Lakini vinaachana kirahisi. "Hiyo ndiyo akili yako yote?" ni kejeli isiyo na kinaya hata chembe, maana msemaji anamaanisha alichosema. Upande wa pili, rafiki mrefu kama mnazi anaitwa "Kafupi" na mtaa mzima, naye anaitika akicheka. Jina limegeuzwa, ila hakuna anayeumizwa. Huo ni utani, na kinaya chake hakina mwiba. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ni kejeli, tafuta anayelengwa. Ukitaka kujua kama ni kinaya, tafuta kilichogeuzwa.

Mipasho ya taarabu, kwa njia, kwa kawaida si kinaya, japo wengi huiita hivyo. Mwimbaji hasemi kinyume cha anachomaanisha. Anasema kilekile anachomaanisha, ila jina la mlengwa kalificha. Hilo ni fumbo.

Kiswahili kina kineno kinachofanya kazi kubwa hapa, nacho ni "eti". "Eti fundi" maana yake simkubali kuwa fundi, ingawa neno fundi nimelitamka. Tukizungumza ana kwa ana tuna pia sauti inayovutwa, jicho linalopepeswa, "saaana" yenye urefu usio wa kawaida. Kwenye ujumbe wa simu hivyo vyote vinapotea, ndiyo maana ukiandika "umefanya kazi nzuri sana" kwa mtu aliyeharibu, anaweza kukujibu "ahsante" kwa moyo mweupe.

Kinachonikera zaidi ni sadfa. Mfano unaotumika sana ni wa marais wawili wa Marekani, John Adams na Thomas Jefferson. Wote wawili walikuwa katika kamati iliyopewa kazi ya kuandaa Azimio la Uhuru, na Jefferson ndiye aliyeliandika kwa sehemu kubwa. Baadaye siasa ziliwafarakanisha. Jefferson alimshinda Adams katika uchaguzi wa 1800, wakanyamaziana miaka, hadi 1812 walipoanza tena kuandikiana barua. Kisha wote wawili wakafariki tarehe 4 Julai 1826, siku ileile Azimio lilipotimiza miaka 50. Jefferson alikuwa na umri wa miaka 83, Adams 90.

Watu wakifika hapo wanasema, "Kinaya kilioje!" Hapana. Tarehe kugongana ni sadfa, hata iwe ya kusisimua namna gani. Jiulize: nini kimegeuzwa? Nani alitarajia kinyume? Hakuna. Tena ukiitazama vizuri, siku ile iliwafaa mno: waliofanyia kazi Azimio wameondoka siku ya jubilei yake. Kufaa ni mbali kabisa na kugeuka. Wapo wanaosema wazee hao walijikaza ili waifikie siku hiyo. Kama ni kweli, basi hata usadfa wenyewe unapungua, kwa kuwa sadfa inataka mambo yakutane bila mtu kuyakutanisha.

Ila kinaya kimo, kimelala pembeni mwa tarehe. Inasimuliwa kwamba Adams, akiwa kitandani kwake Quincy, Massachusetts, alitamka karibu na kufa kwake kwamba Jefferson bado yu hai. Wakati huo Jefferson alikuwa ameshafariki nyumbani kwake Monticello, Virginia. Simu ilikuwa haijaanza kutumika wakati huo, na habari ingechukua siku nyingi kufika kwa farasi. Adams alisema kwa yakini jambo ambalo ukweli ulikuwa umekwisha kuligeuza, na sisi tunaosoma leo tunajua alichokuwa hajui. Hicho ndicho kinaya, na ni cha aina ileile inayopatikana jukwaani.

Angalia pia kwamba kinaya hicho hakikuhitaji tarehe 4 Julai. Wangekufa wote tarehe 17 Machi, maneno ya Adams yangebaki na kinaya kilekile. Na kama Adams asingesema lolote, tarehe ingebaki kuwa sadfa ileile tupu. Mambo hayo mawili yalikutana kitanda kimoja, basi tukayapa jina moja.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa mvua na harusi. Mvua kunyesha siku ya harusi yako ni bahati mbaya. Lakini tuseme uliiahirisha harusi ya Aprili ukaipeleka Agosti kwa kuogopa masika, ukalipia upya ukumbi na maturubai. Ile Jumamosi ya Aprili ikapita na jua kali, na ya Agosti ikamwaga tangu alfajiri. Sasa sema kinaya, hakuna atakayekubishia, kwa sababu hatua uliyoichukua kukwepa mvua ndiyo iliyokupeleka kwenye mvua.

Sadfa haina haja ya kupandishwa cheo ili ionekane ya maana. James Monroe, rais wa tano wa nchi hiyohiyo, alifariki tarehe 4 Julai 1831, miaka mitano kamili baada ya wale wawili. Ukimsimulia mtu habari hiyo atashangaa bila wewe kuongeza neno zito. Mwambie tu kwamba ilisadifu.